Chumvi Isiyotoka Kwenye Betri

Ubishi wa maji ya betri hauishi kwenye vijiwe vya teksi. Dereva mmoja ataapa kwamba miaka yote anajazia betri yake maji ya bomba na asubuhi gari linawaka kwa mara moja. Mwingine atasema maji ya kisima yalimuulia betri mpya kabla hata hajamaliza kulipa deni la aliyemuazima hela za kuinunua. Wa tatu, ambaye aghalabu ndiye mzee kuliko wote kijiweni, atawanyamazisha kwa kusema maji ya mvua hayana mpinzani, na kwamba hayo ya chupa ya dukani ni biashara za watu tu. Cha kuchekesha ni kwamba wote watatu wana chembe ya ukweli, na kila mmoja wao anaweza kuiua betri.

Ili kuamua kesi hiyo inabidi kwanza kufungua vizibo na kuchungulia ndani.

Betri ya kawaida ya gari, ile ya volti 12, ina vyumba sita ambavyo mafundi huviita seli. Ndani ya kila seli kuna pleti za risasi zilizopangwa kwa zamu, chanya kisha hasi, na katikati yake kuna vitenganishi vyembamba vyenye vitundu ili pleti zisigusane. Zote zimezama kwenye mchanganyiko wa maji na asidi ya salfuriki. Betri ikiwa imejaa chaji, asidi huwa zaidi kidogo ya theluthi moja ya uzito wa mchanganyiko huo, na sehemu yote iliyobaki ni maji. Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyetengeneza betri ya kwanza ya namna hii mwaka 1859. Pleti zimeboreshwa sana tangu hapo, lakini risasi, asidi na maji ni vilevile.

Maji hayo hupungua kwa njia mbili. Ya kwanza ni joto la injini na la jua, ambalo huyafanya yatoke kidogo kidogo kama mvuke. Ya pili ndiyo kubwa. Alteneta ikiendelea kusukuma umeme kwenye betri iliyokwisha kujaa, umeme huo hauna tena pleti ya kuchaji, kwa hiyo huishia kuyapasua maji yenyewe kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni, na gesi hizo hutokea kwenye vitundu vya vizibo. Kiasi chake kinajulikana vizuri: ampea moja ya ziada ikipita kwa saa moja, kila seli hupoteza karibu theluthi moja ya mililita ya maji.

Asidi haitoki kwa njia hiyo. Chuma hakitoki, chokaa haitoki, na sehemu kubwa ya chumvi haina pa kupitia. Mpishi anajua kwamba mchuzi ukiachwa jikoni ukakauka, chumvi iliyokuwa ya wastani hugeuka kali, na akiongeza maji ambayo nayo yana chumvi, ukikauka tena unakuwa hauliki. Betri inayojaziwa maji ya bomba ndivyo inavyokwenda, ila yenyewe hukaukia jikoni miaka miwili au mitatu.

Hesabu kidogo inasaidia kuona kasi ya jambo hili. Tuchukue Noah ya kubeba abiria yenye betri ya N70, inayotembea saa kumi kwa siku. Betri ya ukubwa huo hubeba takriban lita nne na kidogo za mchanganyiko, yaani karibu mililita 700 kwa kila seli. Tuseme alteneta ni nzima na betri ikishajaa inapokea umeme wa ziada kidogo tu, theluthi moja hivi ya ampea. Kwa siku hiyo ni kama ampea tatu za saa moja, na kila seli inapoteza mililita moja. Kwa mwezi ni mililita 30 kwa seli, ambazo ni sawa na vijiko viwili vikubwa. Dereva hawezi kuliona hilo kama tatizo, na kweli si tatizo. Anajazia tu.

Sasa tuseme maji anayojazia yanatoka kwenye kisima cha nyumbani, kwenye moja ya mitaa ya Dar es Salaam iliyo karibu na ufuko, ambako maji ya bahari yamekuwa yakipenya kuingia kwenye visima. Maji hayo yana miligramu 300 za kloraidi kwa lita. Kloraidi ni ile sehemu ya chumvi ya mezani inayobaki ukiondoa sodiamu. Kiasi hicho si cha kutisha kwa mnywaji: Shirika la Afya Duniani linasema watu huanza kuihisi ladha yake maji yakifika karibu miligramu 250. Watu wanayanywa, wanayapikia, chai inanyweka. Lakini kwa maji ya kujazia betri, watengenezaji huweka mpaka wa kloraidi kwenye miligramu chache tu kwa lita. Baada ya mwaka, kila seli ya Noah yetu imekwisha kupokea zaidi ya mililita 350 za maji ya kisima. Baada ya miaka miwili imepokea mililita 720, yaani ujazo wake wote na zaidi. Maji yamekwisha kwenda zake hewani. Kama kloraidi yote ingebaki, ndani ya seli kungekuwa na chumvi nyingi kuliko kwenye kisima chenyewe, na kila ujazo mpya ungezidi kuiongeza. Kwa kweli sehemu ya kloraidi hutoroka kama gesi ya klorini, ile yenye harufu ya dawa ya kufulia, lakini hutoroka baada ya kufanya uharibifu.

Uharibifu wenyewe ni huu. Pleti chanya imejengwa juu ya fremu ya risasi inayoshikilia unga wa kahawia unaotunza umeme. Fremu hiyo huliwa polepole hata kwenye betri iliyotunzwa vizuri, na ndiyo sababu moja kubwa ya betri kuzeeka. Kloraidi huongeza kasi ya kuliwa huko. Fremu hupungua unene, hupinda, hupasuka, na unga uliokuwa umeshikiliwa nayo humwagika hadi chini ya seli. Nje ya betri hakuna kinachoonekana. Dereva anachoona ni kwamba betri iliyotarajiwa kumaliza miaka mitatu imeanza kulalamika mwaka wa pili.

Chuma kina tabia nyingine, na pengine ndicho kibaya zaidi kwa sababu hakichoki. Maji yaliyopita kwenye bomba kuukuu la chuma, au yaliyotekwa kwa ndoo yenye kutu, huja na chuma kilichoyeyuka. Chembe ya chuma ikigusa pleti chanya hunyang’anywa elektroni moja. Inaogelea kuvuka hadi pleti hasi, inapewa elektroni nyingine kufidia ile iliyopotea, kisha inarudi ilikotoka kunyang’anywa tena. Kila safari inapunguza chaji kidogo pande zote mbili, na safari hazikomi hata gari likiwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni. Betri inajila yenyewe usiku kucha. Shaba na nikeli nazo zina kosa linalofanana na hilo: hujibandika kwenye pleti hasi na kuifanya itoe gesi ya haidrojeni bila kuchajiwa.

Kwa hiyo yule dereva wa kwanza anayeapa kwa maji ya bomba si mwongo. Kama bomba lake linaleta maji laini ya mto na kama alteneta yake haizidishi chaji, anaongeza maji machache na uchafu mdogo, na betri inaweza kufa kwa uzee wa kawaida kabla chumvi haijapata nafasi. Mwenzake wa Dodoma, ambako jiji limetegemea kwa miaka mingi maji ya visima vya Mzakwe yenye chumvichumvi, akifanya hivyohivyo atavuna kitu kingine. Bomba ni jina la mahali maji yanapotokea. Haliwezi kumwambia mtu kilichomo ndani yake.

Kuna imani kwamba ukiyaacha maji ya bomba kwenye ndoo wazi hadi kesho yake, dawa hutoka na maji yanafaa kwa betri. Ni kweli kwamba klorini inayowekwa kuua vijidudu hupungua maji yakikaa wazi. Lakini hiyo ni sehemu ya miligramu tu kwa lita. Kloraidi, ambayo ndiyo yenye wingi, haiendi popote hata maji yakikaa wiki nzima. Kuyachemsha ni vibaya zaidi, kwa sababu kinachotoka ni mvuke safi na kinachobaki sufuriani ni maji yenye chumvi iliyokolea kidogo kuliko awali. Anayetaka faida ya kuchemsha inabidi aukamate ule mvuke na kuupoza. Hayo matone ndiyo maji ya betri.

Haki itendeke pia kwa chokaa na magnesi, zile zinazoacha ukoko mweupe kwenye birika. Ndizo zinazolaumiwa mno kwa sababu zinaonekana, lakini si wauaji wakubwa. Zikiingia kwenye asidi hugeuka salfeti, na salfeti ya magnesi hasa hukaa mle bila ubaya mwingi wala faida. Marekani iligombana mpaka serikalini kuhusu jambo hili. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mfanyabiashara mmoja wa California, Jess Ritchie, aliuza unga ulioitwa AD-X2 ambao alisema unahuisha betri zilizochoka. Ulikuwa hasa salfeti za sodiamu na magnesi. Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani iliupima ikasema hauongezi kitu. Mwaka 1953 Waziri wa Biashara, Sinclair Weeks, akamtaka mkurugenzi wa ofisi hiyo, Allen Astin, ajiuzulu. Wanasayansi wakaja juu, Astin akarudishwa kazini, na jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi likathibitisha kwamba vipimo vya ofisi yake vilikuwa sawa. Miaka mingi baadaye bado kuna mtu kwenye gereji fulani anayeshauri kutumbukiza chumvi ya duka la dawa kwenye betri iliyokufa.

Turudi kwa mzee wa maji ya mvua, kwa sababu hoja yake ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mvua ni maji yaliyokuwa mvuke. Jua limeyapandisha kutoka baharini na ziwani na chumvi imebaki chini, kisha yamepoa juu na kuanguka. Yanapoanguka mbali na pwani, nje ya moshi wa mji, yanakaribia sana usafi wa maji ya dukani. Zamani, kabla chupa za maji ya betri hazijaenea, watu waliyatumia kwa sababu hiyohiyo, nao hawakukosea.

Lakini swali ni yamepita wapi kabla ya kufika kwenye chupa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi husafisha anga: inashuka na vumbi, masizi na moshi. Karibu na bahari inashuka pia na chumvi iliyorushwa na upepo wa mawimbi, kwa hiyo mvua ya Tanga au Mombasa si sawa na mvua ya Iringa. Kisha inapiga bati. Bati limepakwa zinki, na likizeeka linatoa kutu, ambayo ni kile chuma cha safari zisizokoma. Juu ya bati kuna kinyesi cha ndege, chenye amonia na naitreti, na naitreti kwenye asidi hushambulia risasi. Mwisho maji yanaingia kwenye tangi. Kama ni jabia la saruji au lililopigwa lipu ya chokaa, kama yale ya visiwa vya Lamu, yatachukua chokaa kutoka ukutani kila siku yanayokaa humo.

Mzee anayetaka kushinda ubishi wake anaweza, ila kwa masharti. Beseni safi la plastiki au la kioo liwekwe uwanjani, mbali na mti na paa, juu ya kiti au meza ili matone ya ardhini yasirukie ndani. Aiache mvua inyeshe nusu saa ya kwanza bila kukinga kitu, halafu ndipo aweke beseni. Maji yachujwe kwa kitambaa safi, yatiwe kwenye chupa ya plastiki iliyosuuzwa kwa maji yaleyale ya mvua, na yafungwe. Maji hayo yanafaa, isipokuwa kwa aliye jirani kabisa na ufuko au na kiwanda chenye moshi. Maji ya mfereji wa bati hayafai, hata yakiwa meupe kama kioo.

Siku hizi mjini kuna mpinzani mpya, maji yanayodondoka kwenye mpira wa kiyoyozi. Nayo ni mvuke uliopozwa, na yana chumvi kidogo sana. Tatizo ni kwamba yamepozwa juu ya mabomba ya shaba na mapezi ya alumini yaliyojaa vumbi na ukungu, na shaba ni miongoni mwa metali ambazo betri haizitaki kabisa. Yakikusanywa kutoka kwenye kiyoyozi kilichosafishwa karibuni huenda yakawa bora kuliko maji ya kisima. Kuyafanya mazoea ni kucheza bahati nasibu. Maji ya kunywa ya chupa nayo husifiwa kwa sababu yanaitwa masafi, lakini yamesafishwa kwa ajili ya koo, na viwanda vingi huacha au hurudisha madini ili yawe na ladha. Kibandiko cha chupa husema ukweli: pakiandikwa TDS 120, kuna miligramu 120 za vitu vilivyoyeyuka katika kila lita.

Hayo ya dukani je? Mengine yamepatikana kwa mvuke, mengine yamepitishwa kwenye chujio la kunasa madini, na kwa betri njia zote mbili ni sawa ilimradi kazi imefanyika. Hatari ni kwamba mnunuzi hajui kama imefanyika. Kipimo cha kwanza hakigharimu kitu: tone moja la maji hayo liwekwe juu ya kioo safi cha kujitazamia, na tone la maji ya bomba kando yake, vyote viachwe vikauke kivulini. Tone la bomba litaacha duara jeupe lenye ukingo. La maji safi halitaacha kitu, au litaacha kivuli kisichoonekana mpaka kioo kiinamishwe kwenye mwanga. Kipimo cha pili ni kile kifaa kidogo mfano wa kalamu kinachopima chumvi ya maji. Maji ya betri yaliyo ya kweli yanapaswa kusoma kati ya 0 na 5 ppm. Chupa ya “maji ya betri” inayosoma 80 ni maji ya bomba yaliyovalishwa kibandiko.

Na muuzaji aulizwe waziwazi kama chupa ina maji au asidi, maana dukani vyote viwili watu huviita maji ya betri na wakati mwingine hukaa rafu moja. Kujazia asidi ni kosa kubwa kuliko kujazia maji ya bomba. Asidi ya betri haikuondoka, maji ndiyo yaliyoondoka. Ukiongeza asidi juu ya iliyokuwepo, mchanganyiko unakuwa mkali, unakula pleti na vitenganishi, ingawa kwa siku chache gari huwaka kwa kishindo na mwenye gari humsifu fundi. Asidi huongezwa tu kama betri ilipinduka ikamwagika, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye haidromita mkononi. Asidi isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Kwenye nyumba yenye watoto, chupa ya namna hiyo ni msiba unaosubiri siku yake.

Kujazia kwenyewe kuna utaratibu ambao wengi huugeuza. Kawaida betri huchajiwa kwanza, ndipo ijaziwe. Wakati wa kuchaji mchanganyiko huvimba na kujaa mapovu ya gesi, kwa hiyo seli iliyojazwa mpaka shingoni kabla ya kuchaji itatapika asidi kupitia vizibo, itakula nati za betri na rangi ya gari, na asidi hiyo iliyomwagika haitarudi. Kuna hali moja tu ya kuanza na maji: pleti zikiwa zimeonekana, zimeachwa juu ya usawa. Hapo tia maji ya kuzifunika tu, chaji, kisha malizia. Usawa sahihi ni milimita 10 hadi 15 juu ya pleti, au hadi chini ya kile kishingo cha plastiki kinachoonekana ukichungulia kwenye tundu.

Kabla ya kufungua vizibo, futa juu ya betri kwa kitambaa chenye maji, la sivyo vumbi la barabarani ndilo litakaloingia ndani. Tumia faneli ya plastiki, si ya bati. Vaa miwani. Usichungulie kwa kiberiti wala ukiwa na sigara mdomoni, kwa sababu haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka, na mlipuko wa betri hurusha asidi usoni. Ukimaliza usikimbilie kupima kwa haidromita, maana maji mapya ni mepesi na hukaa juu ya asidi mpaka betri ichajiwe yachanganyike. Kipimo cha dakika hiyo kitasema betri imekufa wakati ni nzima. Betri zilizofungwa moja kwa moja, ambazo hazina vizibo, haziongezwi maji ya aina yoyote, na kuzitoboa ili kuzipa maji ni kuziharibu.

Wingi wa maji yanayotumika nao ni taarifa. Noah yetu ilipoteza mililita 30 kwa seli kwa mwezi. Kama katauti imeharibika na alteneta inatoa volti 15 au zaidi badala ya 13.8 hadi 14.4, umeme wa ziada unaweza kufika ampea mbili, na kwa saa zilezile kumi za barabarani kila seli itapoteza karibu mililita 200 kwa mwezi. Dereva anayenunua maji kila wiki anatibu dalili. Apime volti kwenye nguzo za betri injini ikiwa inazunguka, na kama namba iko juu, hela ya maji iende kwenye katauti. Ikiwa ni seli moja tu inayokauka huku tano zikiwa sawa, ama kasha limepasuka hapo au seli hiyo inaelekea kufa.

Je, aliyekwisha kuweka maji ya bomba afanye nini? Kama ni mara moja au mbili, asifanye chochote, aendelee na maji ya betri. Kiasi kilichoingia ni kidogo na hakitaongezeka. Hata kwenye dharura, gari likiwa limekwama kati ya Gairo na Dodoma na pleti zikionekana, ni bora kuzifunika kwa maji ya chupa ya kunywa, yale yenye TDS ndogo kuliko yote dukani, kuliko kuziacha wazi. Pleti hasi iliyoachwa hewani huoza haraka, na sehemu iliyokauka na kugumu hairudi tena kwenye kazi. Maji machafu kidogo yanaiumiza betri polepole, ukavu unaiumiza leo.

Aliyejazia maji ya kisima kwa mwaka mzima na sasa gari linagoma kuwaka asubuhi anahitaji kwanza kujua kama kosa liko ndani ya betri au kwenye gari. Achaji betri mpaka ijae, afungue waya wa hasi ili gari lisiweze kunyonya kitu, aiache itulie saa 12, ndipo apime. Tuseme anapata volti 12.6. Aiache hivyohivyo siku tatu, apime tena. Ikiwa bado iko 12.6 au imepungua kidogo sana, betri inatunza chaji, na mwizi yuko kwenye gari: redio, kengele ya wizi, taa ya buti isiyozima. Ikiwa imeshuka hadi 12.3 huku haijaunganishwa na chochote, inajila yenyewe.

Rangi ya mchanganyiko kwenye haidromita nayo husaidia. Ukiwa mwekundu au wa kahawia badala ya kuwa mweupe kama maji, ni chuma, au unga wa pleti chanya uliokwisha kumwagika. Usomaji wa kila seli uandikwe: seli nzima iliyojaa chaji husoma karibu 1.265, na seli moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya 0.050 baada ya kuchajiwa vizuri, betri hiyo imekaribia mwisho.

Mafundi wengine hujitolea kuimwaga asidi yote, kuisuuza betri kwa mpira wa maji na kuweka asidi mpya. Isipokuwa kwa nadra, ni hela iliyopotea. Sehemu ya chumvi na chuma imeshanyonywa na pleti zenyewe, fremu iliyoliwa hairudi, na matope yaliyotulia chini yakitikiswa huinuka na kukwama katikati ya pleti, na kuzigusisha. Juu ya hayo, maji ya kusuuzia yana risasi, na yakimwagwa uani yanabaki kwenye udongo ambao watoto wanachezea. Betri kama hiyo ipelekwe ikiwa nzima, na asidi yake ndani na vizibo vimefungwa, kwa muuzaji anayepokea kuukuu na kupunguza bei ya mpya.